Sura ya kurasa 54 kwa wiki tatu: namna ya kuigawa, na muhtasari wa kuandika kila baada ya kipindi

*Mwalimu, shikamoo. Nasoma mwaka wa kwanza, stashahada ya utabibu. Tumeachiwa sura nzima ya moyo na mishipa ya damu tuisome wenyewe: kurasa 54, Kiingereza kizito, na testi ni baada ya wiki tatu. Kitabu tunatumia wawili, mimi na mwenzangu wa chumbani. Nimeshaanza mara mbili. Nikifika ukurasa wa kumi nachoka, na nikirudi kesho yake sikumbuki kitu, ingawa kila nikimaliza naandika muhtasari. Niigawe vipi sura hii?*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kuhusu kugawa, lakini naomba nianze na huo muhtasari wako, maana nashuku ugonjwa uko hapo. Ungenitumia ukurasa mmoja wa daftari lako, nina hakika kiasi kwamba ningekuta sentensi za kitabu zimepunguzwa maneno, zikifuatana kwa mpangilio uleule wa kitabu. Huko ni kunakili. Unaandika huku kitabu kiko wazi, jicho linatoka kwenye ukurasa linakwenda kwenye daftari, na kichwa hakijaombwa kufanya kazi yoyote. Daftari linajaa, wewe unaridhika, kesho yake hakuna kitu.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine walifunga na kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, walioandika kutoka kichwani ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana usiku ule unajiona umeelewa, na asubuhi unashangaa. Kwa hiyo sharti la kwanza, kabla ya ratiba yoyote: muhtasari unaandikwa kitabu kikiwa kimefungwa. Ukilivunja hilo, mgawanyo wowote nitakaokupa hautakusaidia.

Sasa tuigawe sura.

Njia inayokuja kichwani kwanza ni hesabu ya kurasa. Una wiki tatu. Ukisoma mara nne kwa wiki ni vipindi 12. 54 ukigawa kwa 12 unapata kurasa nne na nusu. Hesabu iko sawa, ila jaribu kuiweka juu ya sura yenyewe. Kurasa tatu za mwanzo zinaeleza moyo uko wapi na kuta zake zimejengwaje. Baada ya hapo kuna kurasa tano za chemba, vali na njia ya damu. Kipindi cha kwanza kingekuishia ukurasa wa nne na nusu, yaani damu umeiacha ikiwa upande wa kulia wa moyo, haijafika hata mapafuni. Siku mbili baadaye unafungua kitabu katikati ya safari, unalazimika kurudi nyuma kurasa mbili kujua ulikuwa wapi, na kipindi cha pili kinaanza na deni. Mara ya tatu deni limekuwa kubwa, unaacha. Naona kama ndicho kilichokukuta kwenye ukurasa wa kumi.

Kipimo kiwe swali. Kila kipindi kibebe swali moja ambalo kurasa zake zinaweza kulijibu mwanzo hadi mwisho. Kurasa zikiwa tatu, sawa. Zikiwa tano, sawa pia. Zikizidi tano, swali ni pana mno, lipasue.

Kwa nini tano? Chukua saa, soma kurasa mbili za sura hii kwa mwendo wa kuelewa, ukiangalia na michoro, uone dakika ngapi zimepita. Kwa Kiingereza cha namna hiyo na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mimi huwa nakadiria dakika kumi kwa ukurasa, na sioni aibu yoyote katika hilo. Kipindi chako kiwe cha saa moja na nusu: dakika tano za kukumbuka kipindi kilichopita, hadi dakika 50 za kusoma, 20 za kuandika, na 15 za kusahihisha. Dakika 50 kwa kurasa za dakika kumi ni kurasa tano, hapo ndipo dari. Ukijipima ukakuta ukurasa unakuchukua dakika 15, dari lako ni kurasa tatu, na ratiba ninayoiandika hapa chini itabidi uiongezee siku. Usijidanganye kwenye kipimo hiki, maana kila kitu kinachofuata kimejengwa juu yake.

Kabla ya kupanga siku, punguza. Si kila ukurasa wa sura ni wa kusomwa. Chukua muhtasari wa somo mliopewa na mkufunzi, ule wenye malengo ya mada, uuweke kando ya orodha ya vichwa vidogo vya sura. Kwa sura za moyo za aina hiyo kwa kawaida utakuta mambo matatu. Kuna majedwali ya majina ya ateri na vena za mwili mzima, tuseme kurasa nane: hayo hayasomwi kwa mfululizo, yana dawa yake nitakayoieleza mwishoni. Kuna mzunguko wa damu wa mtoto aliye tumboni, kurasa nne: angalia kama umo kwenye malengo ya muhula huu, maana mara nyingi huja pamoja na masuala ya uzazi baadaye. Na kuna maswali ya mwisho wa sura pamoja na orodha ya istilahi, kurasa tano: hizo ni za kujipimia. Jumla ni 17. Umebaki na kurasa 37, na tayari sura imekuwa nyingine. Lakini kata kwa kufuata malengo, usikate kwa kufuata ugumu. Mwanafunzi akiachiwa achague mwenyewe ataruka umeme wa moyo kwa sababu unatisha, na umeme wa moyo ndio utakaoulizwa.

Siku zako, nimezipanga Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni kwa kusoma, na Jumapili asubuhi kwa kufunga wiki bila kusoma kitu kipya. Hiyo inakupa vipindi tisa vya kusoma na vitatu vya kufunga. Pia inamwachia mwenzako kitabu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa hiyo kubalianeni leo leo, kabla hamjaanza kunyang'anyana.

Wiki ya kwanza ni ya moyo kama kitu kilichojengwa. Jumatatu soma zile kurasa tatu za mahali ulipo moyo na kuta zake. Kipindi hiki nimekifanya kifupi kwa makusudi, kwa sababu ndani yake utachukua pia dakika 15 kupitia vichwa na michoro ya sura nzima na kuandika maswali yote tisa kwenye karatasi moja. Jumatano ni chemba, vali na njia ya damu, kurasa tano. Ijumaa ni mishipa ya koronari inayoulisha moyo wenyewe, kurasa mbili, pamoja na njia ya umeme ndani ya moyo, kurasa tatu. Ni maswali mawili, najua, lakini lile la kwanza ni dogo, na yote yanauliza jambo la jirani: msuli wa moyo unapata wapi chakula, na unapata wapi amri.

Wiki ya pili ni ya moyo ukiwa kazini. Jumatatu mchoro wa umeme wa moyo, kurasa tatu tu, kwa sababu utachora sana. Jumatano mzunguko wa pigo moja la moyo, kurasa tano, na hiki ndicho kipindi kigumu kuliko vyote. Ijumaa kiasi cha damu kinachosukumwa kwa dakika, kurasa nne.

Wiki ya tatu ni ya mishipa na shinikizo. Jumatatu aina za mishipa na kinachoendelea kwenye kapilari, kurasa tano. Shinikizo la damu lina kurasa saba, kwa hiyo lilipaswa kupasuliwa: Jumatano kurasa nne za kinacholitengeneza, Ijumaa kurasa tatu za namna mwili unavyolidhibiti.

Tuchukue Jumatano ya wiki ya kwanza tuipitie yote, ili uone kipindi kinavyokwenda.

Unakaa saa moja jioni. Kabla ya kufungua kitabu, karatasi tupu, dakika tano: tabaka za ukuta wa moyo ni ngapi, kutoka nje kuingia ndani, na kila moja ina kazi gani? Andika unachokikumbuka cha Jumatatu, hata kama ni mistari mitatu. Kisha soma swali la leo kwenye karatasi yako ya maswali. Kwangu lingekuwa hivi: *Damu iliyotoka mguuni inapita wapi na wapi hadi irudi mguuni, na nini kinaizuia isirudi nyuma?* Lione lilivyo. Lina mwanzo na mwisho, lina sababu ndani yake, na haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Swali kama "vali ni nini?" lingekuzalishia maana ya kukariri basi.

Sasa soma. Kitabu ni cha wawili, kwa hiyo usikipake rangi. Na hata kingekuwa chako ningekushauri uache, kwa sababu mstari uliopakwa rangi unakuaga na ahadi ya kuurudia, na huurudii. Weka kipande cha karatasi pembeni, na kila aya ikikugusa na jambo linalojibu swali, andika neno moja au mawili tu. Mwisho wa kurasa tano uwe na maneno kumi hivi. Ukiona yamefika 30, umerudi kwenye kunakili.

Unafunga kitabu. Unageuza na kile kipande cha karatasi kifudifudi. Daftari, ukurasa mmoja, dakika 20.

Nikuonyeshe tofauti ya mihtasari miwili. Huu ndio ninaoukuta mara nyingi: "Moyo una chemba nne. Chemba za juu ni atria na za chini ni ventrikali. Kuna vali nne: trikuspidi, ya mapafu, mitrali na ya aota. Upande wa kulia una damu isiyo na oksijeni na wa kushoto una damu yenye oksijeni." Hakuna kosa hata moja hapo, na bado hauna faida kubwa. Ukiusoma wiki ijayo utakukumbusha majina, hautakukumbusha jinsi yanavyofanya kazi.

Na huu ni wa mtu aliyefunga kitabu akajibu swali: "Damu ya mguuni inapanda kwa vena kava ya chini, inaingia atria ya kulia, inapita vali ya trikuspidi, ventrikali ya kulia. Ventrikali ikibana, shinikizo linaifunga trikuspidi na kuifungua vali ya mapafu, damu inakwenda mapafuni kwa ateri ya mapafu (ateri, ingawa damu yake haina oksijeni nyingi, inaitwa ateri kwa sababu inatoka moyoni). Inarudi kwa vena za mapafu, atria ya kushoto, mitrali, ventrikali ya kushoto, vali ya aota, aota, mguuni. Ventrikali ya kushoto ina ukuta mnene kwa sababu inasukuma mwili mzima, ya kulia inasukuma mapafu tu. Vali hazivutwi na msuli zifunguke. Shinikizo ndilo linalozifungua na kuzifunga. Nyuzi zile za ndani zinazuia vali zisipinduke kuelekea juu. SIKUMBUKI: nyuzi zinaitwaje? Je, pande mbili zinasukuma kiasi sawa?"

Angalia mwisho wake. Mwandishi amekiri mapengo mawili kwa herufi kubwa, wala hakufungua kitabu kuyaziba. Hapo ndipo thamani ya zoezi ilipo: kipindi cha kuandika kimegundua kitu ambacho kusoma tena kusingekigundua.

Dakika 15 za mwisho, fungua kitabu, shika kalamu ya rangi nyingine. Pengo, lijaze. Kosa, likate kwa mstari mmoja na uandike sahihi juu yake. Usiandike upya ukurasa wote, kwa sababu unataka kuona ulikosea wapi. Kwenye kipindi hiki kuna makosa mawili yanayojirudia kwa wanafunzi. La kwanza ni kudhani ateri zote zina damu yenye oksijeni. La pili ni kudhani ventrikali ya kushoto inasukuma damu nyingi zaidi kwa kuwa ina nguvu zaidi. Hapana: kwa mtu mwenye afya pande mbili zinasukuma kiasi kilekile, vinginevyo damu ingerundikana upande mmoja, mwilini au mapafuni. Tofauti iko kwenye shinikizo, ambalo wakati wa kubana hufika takriban milimita 120 za zebaki kushoto, na kama 25 tu kulia. Ukiona kosa lako limo kati ya haya, lizungushie duara. Jumapili utaanza nalo.

Kuhusu lugha, wengi hawaulizi lakini linawasumbua. Kitabu ni cha Kiingereza na testi ni ya Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi anaona muhtasari nao lazima uwe hivyo. Mimi nasema wa kila kipindi uandike kwa Kiswahili, istilahi ukiziacha kama kitabu kinavyoziandika. Sababu ni ya kiufundi kabisa. Ukiandika kwa Kiingereza, kumbukumbu itakuletea vipande vya sentensi za kitabu na utaviandika bila kuvielewa. Kwa Kiswahili huna sentensi ya kuazima, lazima uijenge, na ukishindwa kuijenga unajua papo hapo kwamba hujaelewa. Kiingereza kina siku yake, Jumapili.

Jambo jingine ni kwamba muhtasari si lazima uwe aya. Uache ufuate umbo la kinachosomwa. Njia ya umeme ni safari fupi, kwa hiyo ichore: kituo cha kuanzia kwenye ukuta wa atria ya kulia, kituo cha pili kati ya atria na ventrikali, halafu nyuzi zinazoshuka. Kando ya kituo cha pili andika sababu ya mawimbi kucheleweshwa hapo kama sehemu ya kumi ya sekunde, yaani atria zipate kumaliza kumimina damu kabla ventrikali hazijabana. Mwenye mchoro huo na sababu hiyo hahitaji aya.

Mzunguko wa pigo la moyo unataka jedwali, na hapa nitasimama kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapovunjika. Kitabu chako bila shaka kina grafu yenye mistari mingi iliyopandana: shinikizo la aota, la ventrikali, la atria, ujazo, sauti, na umeme chini yake. Usijaribu kuisoma yote kwa pamoja. Soma mstari wa shinikizo la ventrikali peke yake kutoka kushoto kwenda kulia, na kila unapokatana na mstari mwingine jiulize ni vali ipi imefunguka au imefunga. Ukifunga kitabu, chora jedwali la safu nne: hatua, ventrikali inafanya nini, vali zipi ziko wazi, sauti gani inasikika. Ukipata kwamba sauti ya kwanza ni ya kufunga kwa vali zilizo kati ya atria na ventrikali, na ya pili ni ya kufunga kwa vali ya aota na ya mapafu, umeushika uti wa mgongo wa somo. Kumbuka pia kwamba yote hayo, moyo ukipiga mara 75 kwa dakika, yanatokea ndani ya sekunde 0.8. Kama siku hiyo hukumaliza jedwali ndani ya dakika 20, acha, andika ulipofika. Nimeshatenga nafasi ya hilo Jumapili.

Kiasi cha damu kwa dakika kinataka hesabu. Muhtasari wake unaanza na mfano mmoja uliojifanyia mwenyewe: mililita 70 kila pigo, mapigo 75 kwa dakika, ni mililita 5,250, zaidi kidogo ya lita tano. Kisha badilisha namba moja na ueleze nini kingeibadilisha mwilini. Mgonjwa akipoteza damu nyingi, ipi inashuka kwanza, na moyo unajaribu kufidia kwa kupandisha ipi?

Na kwenye kapilari, tumia mgonjwa. Maji yanasukumwa nje na shinikizo la damu, yanavutwa kurudi ndani na protini za damu, hasa albumini. Eleza kwa sentensi nne kwa nini mtoto mwenye kwashakoo huvimba miguu. Ukiweza bila kitabu, kurasa za kapilari zimeingia.

Jumapili hakuna ukurasa mpya. Dakika 20 za kwanza, karatasi tupu, andika wiki nzima kwenye ukurasa mmoja bila kufungua daftari, na safari hii kwa Kiingereza. Kitakuwa Kiingereza cha kuvunjika wiki ya kwanza, usijali, mkufunzi hatakiona. Linganisha na mihtasari yako mitatu. Kisha yarudie yale ya kwenye duara. Kisha fungua maswali ya mwisho wa sura, chagua yanayohusu ulichosoma tu, uyajibu kwa maandishi. Jumapili ya pili ongeza maswali machache ya wiki ya kwanza, na ya tatu maswali ya wiki zote mbili zilizopita. Kama mwenzako naye anafuata mpango huu, dakika 15 za mwisho kaeni pamoja mwulizane. Mtu atakayeshindwa kukueleza mitrali iko wapi atakufundisha zaidi ya kitabu, kwa sababu itabidi umweleze wewe.

Ratiba itavunjika mahali fulani. Umeme utakatika, au mtapewa zamu wodini. Kipindi kimoja kikikupita, usisome viwili siku moja. Akili itachukua cha kwanza na kukitupa cha pili. Kihamishie Jumapili, usome kwanza, na kazi ya kufunga wiki uipunguze iwe ule ukurasa mmoja tu. Vikikupita viwili wiki moja, hapo punguza kina: katika wiki ya pili, kwa mfano, mchoro wa umeme unaweza kuusoma kwa kujua kila wimbi linawakilisha nini, ukaacha vipimo vya muda wake. Lakini mzunguko wa pigo usiuguse, kwa sababu wiki ya tatu yote inautegemea.

Utajuaje kama vipande ulivyovikata ni vya saizi yako? Angalia rangi ya pili kwenye daftari. Masahihisho yakiwa machache yaliyotawanyika, mgawanyo uko sawa. Ukurasa ukiwa na rangi nyingi kuanzia katikati kwenda chini, na nusu ya juu ni safi, maana yake ulichoka kabla ya kumaliza kusoma: kata kurasa mbili kipindi kijacho. Rangi ikiwa kila mahali, swali lako lilikuwa pana au ulisoma bila swali. Na kama hakuna rangi kabisa, kitabu kilikuwa wazi.

Yale majedwali ya majina ya mishipa sasa. Mpango huu hauyawezi, nisikudanganye. Majina 40 ya ateri hayana swali moja ndani yake wala hayafupishiki. Chora mwili wa mtu kwenye karatasi kubwa, uubandike ukutani juu ya kitanda, na kila siku ongeza mishipa mitano ukianzia aota kwenda nje, ukiifunika majina asubuhi na kuyataja. Anza siku ya kwanza ya mpango, usingoje wiki ya tatu. Dakika tano za asubuhi zinatosha, na mwenzako atayasoma bila kupenda.

Jumapili ya mwisho, mkesha wa testi, utakuwa na kurasa tisa za mihtasari zenye rangi mbili. Usizisome zote. Soma rangi ya pili tu, kisha jibu yale maswali tisa ya karatasi ya kwanza kwa mdomo, sentensi tatu tatu kila moja. Lile litakalokukwamisha ndilo la kulifungulia kitabu, kabla mwenzako hajakichukua.